Je, Wajua? Mabano ya Nukuu Yalianza na Konokono!

Je, wajua kwamba yale mabano unayoyaandika kwenye insha yako, yenye jina la mwandishi na mwaka, yalianza na konokono? Mwaka 1881 mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, Edward Laurens Mark, alichapisha utafiti kuhusu mayai ya konokono wa aina isiyobeba gamba. Katika ukurasa wa 194 akaweka jina la mtafiti mwingine na mwaka wa kazi yake ndani ya mabano, akaongeza na tanbihi kueleza anafanya nini. Huo ndio mfano wa mwanzo kabisa uliopatikana wa mtindo unaoitwa leo Harvard. Siku ukikatwa alama kwa kusahau mwaka, unajua wa kumlaumu.

Na namba za kurasa, unadhani zimekuwepo tangu vitabu vianze kuchapwa? Wapi! Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa Ujerumani miaka ya 1450, haina namba ya ukurasa hata moja. Ilibidi kusubiri hadi 1470, mjini Köln, ndipo mchapaji mmoja akachapa hotuba ya kidini yenye namba pembeni, na hata hapo alihesabu karatasi, si kila upande wa karatasi. Fikiria kuandika insha zama hizo: ungemwelekezaje mwalimu wako mahali ulipopata maneno?

Sikia na hii. Mwongozo wa APA, ule wa Shirika la Wanasaikolojia la Marekani unaotumiwa na vyuo vingi, ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa 7 tu. Toleo la saba, lililotoka Oktoba 2019, lina kurasa zaidi ya 400! Usitishike lakini. Kwa mwanafunzi anayenukuu kitabu, yanayohitajika humo hayajazi hata ganja la mkono, na ndiyo tutakayoyapitia hapa.

Anza na bano lenyewe. Chukua *Utengano*, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, na tuseme maneno unayoyataka yako ukurasa wa 45. Kwa APA unaandika (Mohamed, 1980, uk. 45). Kwa mtindo wa MLA, unaopendwa na watu wa fasihi, mwaka unatoka, mkato unatoka, hata "uk." inatoka: (Mohamed 45). Na ukifungua majarida yetu mengi ya Kiswahili utakuta nukta mbili katikati: (Mohamed, 1980:45). Mitindo mitatu, kitabu kimoja, ukurasa mmoja! Yote ni halali. Haramu ni kuichanganya ndani ya insha moja.

Maneno yakianza ukurasa wa 45 na kuishia wa 46, "uk." inageuka kuwa "kur.": (Mohamed, 1980, kur. 45–46). Na je, wajua kwamba dibaji ikiwa na kurasa za namba za Kirumi, unaziandika vivyo hivyo, uk. vii? Ukigeuza kuwa uk. 7 umempeleka msomaji kwingine kabisa, maana kitabu hichohicho kina ukurasa wa 7 na wa vii, na ni kurasa mbili tofauti.

Hili huwashangaza wengi: ukieleza wazo la mwandishi kwa maneno yako mwenyewe, APA haikulazimishi kuweka namba ya ukurasa. Jina na mwaka vinatosha, ingawa namba inaruhusiwa na kwa kitabu kinene ni hisani kubwa kwa msomaji. Ila maneno yakiwa ya mwandishi neno kwa neno, ukurasa ni lazima. Walimu wengi wa kwetu wanautaka kote kote, kwa hiyo mimi ningeuweka tu.

Sasa njoo kwenye nukta, ile ya mwisho wa sentensi, maana ina vituko vyake. Tuchukue sentensi yangu mwenyewe tuifanyie majaribio: Konokono ndiye aliyetuletea mabano. Tuseme iko kwenye kitabu changu, ukurasa wa 12. Ukiinukuu ndani ya aya yako, alama za nukuu zinafunga kwanza, bano linafuata, nukta inakuja mwisho kabisa: Mwandishi anadai kwamba "konokono ndiye aliyetuletea mabano" (uk. 12). Umeiona nukta? Imekaa nje ya bano. Ikikaa kabla ya bano, bano linabaki linaelea bila sentensi.

Halafu tazama tena hiyo K. Kwangu ilikuwa kubwa, kwako imekuwa ndogo, na wala hukuweka alama yoyote! APA inakuruhusu kugeuza herufi ya kwanza ya nukuu iendane na sentensi yako, kimyakimya. Zaidi ya hapo karibu kila badiliko lazima lionekane. Ukiongeza neno, linaingia kwenye mabano ya mraba: "konokono [wa Harvard] ndiye aliyetuletea mabano". Ukiruka maneno katikati, unaweka nukta tatu. Ukikoleza neno ambalo mwandishi hakulikoleza, unakiri hapohapo: [mkazo wangu].

Je, wajua kwamba nukuu ikifika maneno 40, alama za nukuu zinapotea? Ndiyo, zinapotea! Nukuu inahama aya, inaanza mstari mpya, na mistari yake yote inasogezwa ndani nusu inchi, yaani sentimita 1.27. Na ile nukta inaruka: safari hii inakaa mwisho wa maneno ya mwandishi, kabla ya bano, na baada ya bano hakuna kitu. Ukiona insha yenye nukuu ndefu iliyosogezwa ndani na bado imevalishwa alama za nukuu, jua mwenye insha amevaa mikanda miwili.

Hesabu hiyo ya 40 ina raha yake kwa Kiswahili. "Hawatatuandikia" ni neno moja. Maneno yetu 39 yanaweza kubeba aya nzima ya mambo, na bado kwa sheria ni nukuu fupi inayokaa ndani ya sentensi yako. Sheria inaruhusu, lakini macho ya msomaji yanachoka. Mimi mistari miwili ikishapita huanza kuuliza ni kipi humo ninachokihitaji kweli. Mara nyingi ni maneno sita au saba tu.

Ushairi nao una kipimo chake. Kwa MLA, mishororo isiyozidi mitatu inakaa ndani ya aya yako, na kati ya mshororo na mshororo unaweka mkwaju, hivi: /. Ikifika minne, inashuka chini na kupangwa kama ilivyo kitabuni, mshororo juu ya mshororo.

Haya, shika kiti vizuri. Je, wajua kwamba Euphrase Kezilahabi alitoa vitabu viwili mwaka mmoja, na vimewatoa jasho wanafunzi wengi? Mwaka 1974 ilitoka diwani yake *Kichomi*, na mwaka huohuo riwaya yake *Kichwamaji*. Ukiandika (Kezilahabi, 1974, uk. 20), msomaji anabaki na vitabu viwili mkononi: ashike ushairi au riwaya? Dawa yake ni herufi ndogo: 1974a na 1974b.

Swali tamu ni hili: ipi iwe a? Wengi wanakipa a kile kilichotajwa kwanza kwenye insha. Sivyo! Kinachoamua ni alfabeti ya majina ya vitabu. Linganisha: K-i-c-h zinafanana, kisha o inapambana na w. O inatangulia, kwa hiyo *Kichomi* ni 1974a na *Kichwamaji* ni 1974b, hata kama insha yako yote inahusu riwaya na diwani umeigusa mara moja tu kwenye hitimisho. Na ukiifuta hiyo mara moja dakika ya mwisho, herufi zote mbili zinaondoka, maana kitabu kimebaki kimoja. Hapo ndipo insha nyingi hunaswa: diwani imeondolewa, lakini "1974b" bado inatembeatembea ndani ya kurasa ikimtafuta mwenzake.

Kinyume chake kipo pia: majina yanayofanana, watu tofauti. Zanzibar imetupa waandishi wa riwaya wawili ambao jina la mwisho la kila mmoja ni Mohamed! Yupo Said Ahmed Mohamed wa *Utengano*, na yupo Mohamed Suleiman Mohamed wa *Nyota ya Rehema*, ya mwaka 1976. Ukiwalinganisha katika insha moja, unadhani miaka inatosha kuwatenganisha, 1976 huyu na 1980 yule? APA inasema haitoshi. Kila unapowataja unaweka herufi za majina yao ya mbele: (M. S. Mohamed, 1976, uk. 30) na (S. A. Mohamed, 1980, uk. 45). Tena lile bano letu la mwanzo, (Mohamed, 1980, uk. 45), lililokuwa sahihi kabisa, limekuwa kosa mara tu Mohamed wa pili alipoingia mlangoni.

Waandishi wakiwa wawili unawataja wote kila mara: (Njogu na Chimerah, 1999). Wakifika watatu, wawili wanafichwa tangu mara ya kwanza! *Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu* iliandikwa na Massamba, Kihore na Hokororo, lakini ndani ya insha unaandika (Massamba na wenzake, 1999). Kwenye orodha ya marejeleo wanarudi wote watatu. Na orodha inapokea majina hadi 20 kabla haijaanza kuruka watu.

Je, wajua kwamba marehemu anaweza "kuandika" miaka sita baada ya kufariki? Shaaban Robert aliaga dunia mwaka 1962, na *Utubora Mkulima* ikachapishwa 1968. Kwenye bano unaweka 1968 bila wasiwasi, (Robert, 1968), kwa sababu mwaka wa bano ni wa kitabu kutoka, si wa kalamu kukauka.

Basi je, kitabu kikitoka mara mbili? *Rosa Mistika* ya Kezilahabi ilitoka 1971 kwa East African Literature Bureau, Nairobi. Mwaka 1988 ikatolewa upya na Dar es Salaam University Press. Mchapishaji mwingine akipanga kitabu upya, herufi hubadilika ukubwa, mistari huhama, na maneno yaliyokuwa ukurasa wa 45 hujikuta kwingine. Kwa hiyo unataja kitabu ulichokishika, siyo kile maarufu, na miaka yote miwili inaingia: (Kezilahabi, 1971/1988, uk. 45). Msomaji akiona hivyo anajua hadithi ni ya 1971 lakini namba ya ukurasa ni ya kitabu cha 1988. Mwalimu mwenye chapa ya zamani akifungua ukurasa wako wa 45 asikute kitu, mkwaju huo mdogo ndio unaokuokoa.

Angalia lakini, kuchapwa tena si kuandikwa upya. Geuza ukurasa wenye jina la kitabu, tazama nyuma yake, mara nyingi utakuta msururu wa miaka: kimechapwa kwanza mwaka huu, kikachapwa tena mwaka ule na ule. Hizo ni chapa za toleo lilelile, na unachukua mwaka wa toleo, siyo mwaka wa mwisho kwenye msururu. Ukikuta imeandikwa "toleo la pili", hapo mambo yamebadilika ndani, na mwaka wa toleo hilo ndio wako.

Na hapa nikunong'oneze jambo la steshenari. Ukitoa kopi ya sura moja ya kitabu cha maktaba, toa na kurasa mbili zaidi: ule wenye jina la kitabu na ule wa nyuma yake. Shilingi chache tu! Mwandishi, mwaka, toleo na mchapishaji, vyote viko hapo, na usiku wa kuamkia kukabidhi insha maktaba imefungwa. Halafu kagua pembe za kila kopi kabla ya kulipa, maana mashine ina tabia ya kukata ukingo wa chini, na ndiko namba za kurasa zinakokaa kwenye vitabu vingi.

Twende kwenye orodha. Je, wajua kwamba kitabu kizima kinaingia kwenye marejeleo kwa majibu ya maswali manne tu? Nani, lini, nini, kwa nani. Mohamed, S. A. (1980). *Utengano*. Longman Kenya. Basi! Hakuna namba ya ukurasa hapo, maana ukurasa kazi yake ni kwenye bano, na orodha inataja kitabu kizima.

Mji uko wapi? Haupo! Kwa miaka mingi wanafunzi waliandika Nairobi au Dar es Salaam kabla ya jina la mchapishaji; toleo la 2019 la APA likaufuta mji kwa kalamu moja. Kama mwongozo wa chuo chako bado unaudai, utii mwongozo wa chuo, maana ndio utakaosahihishwa nao.

Na ile namba ndefu nyuma ya jalada, ISBN? Ina tarakimu 13 tangu Januari 2007. Kabla ya hapo zilikuwa 10. Vitabu vingi vya Kenya utavijua kwa 9966 iliyomo ndani yake, vingi vya Tanzania kwa 9976 au 9987. Inapendeza, na haiingii kwenye orodha yako hata tarakimu moja.

Herufi kubwa nazo zina mchezo wao. Kwa APA, jina la kitabu kwenye orodha linapata herufi kubwa mwanzoni tu, na kwenye majina ya watu na mahali: *Dunia uwanja wa fujo*. Je, *Nyota ya Rehema*? R inabaki kubwa, kwa sababu Rehema ni mtu, ndiye mhusika mkuu! Nakiri kwamba wachapishaji wetu wengi wanapenda herufi kubwa kila neno, na mhadhiri wako huenda ni mmoja wao. Uliza mapema.

Katika orodha, mstari wa kwanza wa kila kitabu unagusa ukingo wa kushoto na inayofuata inaingia ndani. Watu wanakibonyeza kitufe cha nafasi mara kumi kwa kila mstari, kisha wakibadilisha neno moja kila kitu kinavurugika. Kwenye Word, chagua orodha yote, bonyeza `Ctrl+T`. Sekunde moja!

Mpangilio ni wa alfabeti ya jina la mwisho. Wale Mohamed wawili wanaamuliwa na herufi za mbele, M. S. juu, S. A. chini. Vitabu vya Kezilahabi vinapangwa kwa miaka, cha zamani kwanza.

Je, wajua jinsi msahihishaji anavyokunasa bila kusoma insha yote? Anachukua bano moja kutoka katikati, anashuka kwenye orodha kulitafuta. Halafu anafanya kinyume, anachukua kitabu kwenye orodha na kulitafuta bano lake juu. Kila bano lazima liwe na kitabu, na kila kitabu kiwe na bano. Kitabu ulichokisoma lakini hukukitaja hakikai kwenye marejeleo, hata kama kilikukesheza siku tatu.

Kuna na kitabu cha kuazima macho. Umesoma kitabu kimoja, ndani yake mwandishi amemnukuu mwingine, nawe unayataka maneno ya huyo mwingine. Ndani ya insha unawataja wote wawili, kwa "kama alivyonukuliwa na". Kwenye orodha anaingia mmoja tu, yule uliyemsoma kwa macho yako. Namba ya ukurasa ni ya kitabu chake pia.

La mwisho, na nimelihifadhi makusudi. Mwaka 1969, Julius Nyerere akiwa rais wa Tanzania, Oxford University Press ilichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, *Mabepari wa Venisi*. Unaiandikaje kwenye orodha? Shakespeare anakaa mbele, Nyerere anawekwa kwenye mabano baada ya jina la kitabu: (J. K. Nyerere, Mfasiri). Tamthilia ya Kiingereza ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1600, kwa hiyo ndani ya insha unaandika (Shakespeare, 1600/1969, uk. 20). Miaka 369 imekaa pande mbili za mkwaju mmoja, na rais mzima wa nchi hayumo ndani ya bano!